Mama kaandikiwa kipimo cha uloto Alhamisi, kinachotolewa nyongani, walioshapitia njooni hapa

Mwana wa Ukerewe
Habari wakuu, shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 63, tangu mwaka jana mwishoni anachoka anachoka tu, akipanda ngazi mbili anakaa, tumbo upande wa kushoto limejaa na akila vijiko vitatu anasema ameshiba. Tumempima FBP, kile kipimo cha picha nzima ya damu, mara tatu damu inashuka, kaongezewa chupa mbili imepanda ikashuka tena. Karatasi ya mwisho Hb 6.8, chembe nyeupe 2.9, pleteleti 71. Bandama kubwa mpaka inashikika kwa mkono. Sisi ni watu wa ziwani kwaiyo mwanzo walisema ni kichocho cha tumbo, kanywa dawa yake, hamna kitu. Sasa daktari wa damu kasema Alhamisi atachomwa nyongani watoe uloto, ule ute wa ndani ya mfupa, na kipande cha mfupa. Mama kagoma, jirani kamwambia ukichomwa huko unapooza. Naomba anayejua anieleze wanafanyaje, wanaangalia nini, na sisi tujiandae vipi.

Mpiga Mbizi
Usikubali mkuu. Mjomba wangu alichomwa mgongoni wakamtoa maji, wiki nzima kichwa kinamuuma hawezi kuinuka kitandani. Hivyo vitu vya uti wa mgongo sio vya kuchezea kabisa

Fundi Slaidi
Mpiga Mbizi hicho ulichoeleza ni kipimo kingine. Mjomba wako alitolewa maji ya uti wa mgongo, sindano inapita katikati ya pingili na ndo maana kichwa kiliuma. Huyu mama anachomwa kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma. Ukishika kiuno chako nyuma, pale juu kidogo ya makalio kuna vinundu viwili vya mfupa kulia na kushoto, wengine vinaonekana kama vishimo. Pale ndo sindano inaingia, na uti wa mgongo haupo pale. Kupooza kwa kuchomwa pale sijawahi kukuona, nipo maabara ya damu mwaka wa 14 huu.

Mwana wa Ukerewe nijibu kwanza kitu kimoja. Ile FBP ya mwisho kuna sehemu mtu wa maabara ameandika maoni baada ya kuangalia damu kwenye darubini? Sio zile namba za mashine, maneno.

Mwana wa Ukerewe
Ipo mkuu. Imeandikwa kuna chembe nyekundu zenye umbo la chozi na chembe changa za nyeupe na nyekundu. Sikuelewa.

Fundi Slaidi
Sawa, hayo maneno ni ya maana kuliko zile namba. Siwezi kumtibu mama yako mtandaoni ila nakwambia daktari anawaza nini. Damu inatengenezwa ndani ya mfupa, ikikomaa ndo inatoka kwenda mwilini. Mama damu yake ni pungufu na bandama ni kubwa, hapo kuna maswali mawili. Je mfupa unatengeneza vizuri ila bandama inazikamata chembe na kuzimaliza, kama inavyokuwa kwa watu wa kichocho cha tumbo? Au mfupa wenyewe umeshindwa kazi, na bandama imevimba kwa sababu imeanza kutengeneza damu kwa niaba yake? Kwa kutoa damu ya mkononi hujui. Ila zile chembe za umbo la chozi na chembe changa kutoka nje kabla ya wakati zinamvuta daktari kwenye swali la pili, na la pili linajibiwa kwa kuingia ndani ya mfupa tu.

Kaka Mlezi
Mimi nipo Baringo, huku mtu akiwa na bandama kubwa na damu imeisha tunasema ni kalazari moja kwa moja. Wamempima hiyo? Mnaweza kumtesa shosho bure na ni mdudu tu wa kuumwa na usubi.

Fundi Slaidi
Kaka Mlezi hujakosea, na hata kalazari yenyewe inatafutwa kwenye uloto huohuo, ukiweka slaidi unawaona wadudu wamejaa ndani ya chembe kubwa zinazokula uchafu. Ila kalazari ina maeneo yake, huko kwenu Baringo na Pokot ndo kwake. Mtu wa Ukerewe ambaye hajasafiri haiwi ya kwanza kwenye orodha. Mwana wa Ukerewe kama mama aliwahi kuishi huko mwambie daktari.

Binti Sayuni
Mimi group yangu O na nina afya nzuri, kama mama atahitaji uloto naweza kujitolea, natokea Dodoma. Nisaidieni utaratibu

Mwana wa Ukerewe
Asante sana dada Mungu akubariki, ila hapa hawamuwekei, wanamtoa kidogo wakapime. Hatujafika huko.

Msafiri wa Treni
Niliwahi kufanyiwa 2 yrs nyuma, samahani miaka miwili nyuma. Nieleze kama mgonjwa maana watu wa hospitali wanasema "utasikia kidogo" afu basi. Unalala ubavu umekunja magoti kama mtoto tumboni. Wanakusugua na dawa ya baridi, afu ganzi. Ganzi yenyewe inaunguza, ile ya juu ya ngozi na ile wanayomwaga mpaka kwenye mfupa. Hapo sasa subirini, mimi daktari alisubiri kama dakika tano tukawa tunaongelea mpira. Afu sindano nene inaingia, unasikia anasukuma kwa nguvu anazungusha, kama fundi anatoboa ukuta, ila maumivu hamna, ni kusukumwa tu. Sasa kasheshe ipo kwenye KUVUTA. Akivuta uloto na bomba kuna kitu kinakupita kutoka nyongani kwenda mguuni kama umeme, mimi niliona nyota, sekunde tano hivi kimeisha. Afu kipande cha mfupa, hicho ni kubanwa tu. Nusu saa nimemaliza nikakaa kwenye kiti nakunywa soda.

Fundi Slaidi
Kaeleza vizuri kuliko sisi. Hiyo ya kuvuta ganzi haiwezi kuifikia, ganzi inalala kwenye ngozi na kwenye utando wa juu ya mfupa, ndani haifiki. Mwambieni mama kabisa, kwamba kuna sekunde chache za kuvuta, avute pumzi ndefu na mtu amshike mkono. Mgonjwa aliyeambiwa ukweli anatulia, aliyedanganywa anaruka na sindano iko ndani.

Nesi Mstaafu
Mimi nilikuwa nawaambia wahesabu hadi kumi kwa sauti, wakifika saba imeisha 😀

Na akitokea wa kuwaambia mdai mama apewe dawa ya usingizi, jamani mama wa miaka 63 mwenye Hb 6.8 dawa ya usingizi inataka mtu wa kumwangalia pumzi muda wote. Watoto ndo tunawalaza. Mtu mzima ganzi inatosha.

Chachandu
Sikubaliani mama nesi. Mimi walinipa dawa ya kulegeza kwenye mshipa, nilikuwa macho ila sijali kitu, ilikuwa poa sana. Kwa nini mtu ateseke kama dawa ipo? Hili la "inatosha" mnasema nyinyi mlioshika sindano sio mliochomwa

Nesi Mstaafu
Haya mwanangu, kila hospitali na uwezo wake. Ila ukipewa hiyo usile kabla na usirudi na bodaboda peke yako. Ya ganzi tu unakula chai yako kama kawaida.

Mwana wa Ukerewe
Jamani kuna kitu nimekumbuka, mama anameza ile aspirini ndogo kila siku ya presha, na duka la dawa walishampa predinisoloni siku tano mwezi uliopita za maumivu ya miguu. Ni shida?

Mpiga Mbizi
Aspirini aache siku 7 kabla, hiyo najua 100% maana inalainisha damu

Fundi Slaidi
Mpiga Mbizi umepata nusu. Ni kweli aspirini inaharibu kazi ya pleteleti na inabidi zizaliwe mpya, ndo hiyo wiki na zaidi. Ila usiache mwenyewe, kuna watu wameiwekewa kwa sababu ya moyo na kuiacha ni hatari kuliko kuchomwa. Madaktari wengi wanachoma hivyohivyo afu wanakandamiza kidonda muda mrefu zaidi. Kwa wanaomeza wafarini na hizi mpya za kuyeyusha damu ndo lazima daktari apange lini isimame na apime damu kuganda kwanza. Kwa mama mpigie simu daktari leo, usisubiri Alhamisi. Na mkumbuke kama aliwahi kung'olewa jino damu ikakataa kukata, hiyo nayo mseme. Pleteleti 71 yenyewe haizuii, tunachoma hata za 20.

Predinisoloni ndo nataka uiseme hata usipoulizwa. Kuna magonjwa ya damu ambayo dawa hiyo inayafifisha kwa siku chache tu, mgonjwa anakuja kupimwa uloto unaonekana unaelekea msafi na ugonjwa upo. Hivyohivyo sindano ya vitamini B12, mtu akichomwa leo keshokutwa uloto wake umeshabadilika sura na dalili zenyewe tulizotaka kuziona hazipo. Watu wanaficha dawa za dukani na za kienyeji wakidhani watagombezwa, afu sisi tunasoma slaidi ya uongo.

Kibwana wa Pwani
Afadhali umesema habari ya slaidi. Mke wangu alichomwa hospitali moja hapa jijini sitaitaja, baada ya wiki mbili wanatuambia sampuli haifai ni damu tupu, arudi achomwe tena na TULIPE TENA. Hivi hiyo inakuwaje? Damu si ndo inatoka humo?

Fundi Slaidi
Pole sana. Iko hivi. Unapovuta, ule mvuto wa kwanza kabisa, chini ya nusu ya mili moja, ndo uloto wenyewe. Ukiendelea kuvuta kwa uroho mishipa ya humo ndani inapasuka damu ya kawaida inajaa, unakuwa umechanganya mchuzi na maji. Kwaiyo anayejua anavuta kidogo kwanza, anaitoa bomba, anatupa matone kwenye slaidi palepale kabla haijaganda, afu ndo anavuta tena ya kwenye chupa ya zambarau kwa vipimo vingine. Ukiinamisha slaidi damu inateleza chini na vinabaki vipunje vidogo kama chenga za mchele, vinang'aa mafuta. Hivyo vipunje ndo uloto. Nikiwa kando ya kitanda naviangalia kwa macho nasema "vipo daktari", tunaendelea. Visipokuwepo tunajua palepale, sio baada ya wiki mbili. Ndo maana nawaambia watu waulize kwa adabu tu kama kutakuwa na mtu wa maabara chumbani.

Hilo la kulipa tena siwezi kulitetea.

Jabali
Naongezea ya baba yangu, yeye mifupa ilikuwa inamuuma na figo zikaanza kugoma. Maji ya uloto yakaonyesha zile seli wanazozihesabu ni 7 kwa 100, daktari akasema haitoshi kusema ni saratani ile ya uloto, inaanzia 10. Kile kipande cha mfupa kilipotoka baada ya siku kama nane, ni 40. Huyohuyo mtu, sindano siku hiyohiyo. Tulichanganyikiwa yupi ni mkweli

Fundi Slaidi
Mfupa ndo mkweli hapo. Zile seli zinakaa kwa mafungu mafungu na zimeng'ang'ania, ukivuta unapata zilizolegea tu. Maji yanakuonyesha sura ya seli moja moja, mfupa unakuonyesha zimepangwaje na zimejaa kiasi gani. Ndo maana mama atatolewa vyote viwili, asiambiwe kimoja kinatosha.

Nesi Mstaafu
Mwana wa Ukerewe, mama aoge vizuri asubuhi maana plasta haitakiwi kulowa mpaka kesho yake. Avae gauni pana au sketi ya mpira na abebe khanga mbili, moja ya kujifunika maana pale nyuma anakuwa wazi na wazee wetu hilo linawasumbua kuliko sindano. Aende haja ndogo kabla. Karatasi zote za zamani mbebe, na tarehe alizoongezewa damu. Maumivu ya baadaye ni panadoli, asipewe diklofenaki wala brufeni.

Mwana wa Ukerewe
Nimerudi. Ijumaa leo. Mama kafanyiwa jana, kakubali baada ya kumsomea ya Msafiri wa Treni, kacheka pale pa kutoboa ukuta. Daktari alisema aspirini isimame tangu nilipopiga simu na kuhusu predinisoloni kaandika kwenye fomu.

Ila kuna jambo limenitia wasiwasi. Alivuta hamna kitu. Bomba tupu. Akasogeza sindano akavuta tena hamna, mara ya tatu hamna, mama anasema "mwanangu kwani nimekauka?" Mtu wa maabara alikuwepo. Baadaye akachukua kipande cha mfupa kwa sindano nyingine, kama njiti ya kiberiti uivunje nusu, cheupe chekundu. Wakakibiringisha taratibu kwenye vioo vitatu vinne afu wakakitia kwenye kichupa cha fomalini. Amekandamizwa dakika kumi, akalala chali juu ya kitambaa kilichokunjwa, hakutoka damu. Sasa je imeshindikana?

Mpiga Mbizi
Hapo mmepigwa, daktari hajui kazi. Nendeni kwingine

Fundi Slaidi
Hapana, taratibu. Kuvuta kukakataa kunaweza kuwa mkono wa daktari kweli, ila kajaribu mara tatu na kahamisha sindano. Mara nyingi kukataa huko ni jibu tayari. Uloto unakataa kuvutika kama umebanana sana kwa seli, au kama umejaa nyuzi nyuzi zilizoushika kama mizizi inavyoshika udongo. Ukikumbuka chembe za umbo la chozi na bandama, mimi ningesema la nyuzi. Na ile kubiringisha mfupa kwenye vioo ndo kazi safi, seli zinaacha alama yake pale unapata cha kuangalia hata kama bomba ni tupu. Huyo mtu wa maabara mpeni soda.

Sasa subirini. Mfupa hauwezi kukatwa na kisu cha maabara ukiwa mgumu, unalala kwenye fomalini, afu unalainishwa kwa dawa ya kutoa chokaa, afu unakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi na kupakwa rangi. Kwa hizo nyuzi kuna rangi maalumu ya fedha, zinatokea nyeusi. Wiki moja ni haraka, mbili kawaida. Kwa sasa angalieni plasta tu, ikilowa damu, pakavimba, akapata homa au mguu ukafa ganzi rudini. Madhara makubwa ni chini ya mtu 1 kwa 1000 ila yule mmoja lazima aonekane mapema.

Mwana wa Ukerewe
Siku ya 13 leo. Majibu yametoka. Plasta ilitoka salama, alilalamika kuvutika nyongani siku tatu basi. Naandika kama daktari alivyonieleza: kipande kina urefu wa sm 1.6, kinatosha kusomwa. Seli mama za pleteleti ni nyingi, zimekaa kwa vikundi na sura zake sio za kawaida. Rangi ya fedha imeonyesha nyuzi nyingi, kaandika MF-2, kipimo kinaanzia 0 mpaka 3. Hakuna TB wala mdudu. Kasema uloto umegeuka makovu na bandama ndo inahangaika kutengeneza damu, kwaiyo kichocho hakikuwa chenyewe. Ametutoa damu ya mkononi kupima kitu kinaitwa JAK2, sampuli inasafirishwa.

Fundi Slaidi
Kasoro ya kinasaba hicho cha JAK2 inakutwa kwa kama nusu ya wagonjwa wa namna hii au zaidi kidogo, kwaiyo isipoonekana haimaanishi hana, kuna vinasaba vingine wanavitafuta. Na daktari bado lazima ajiridhishe kwamba makovu hayakuletwa na kitu kingine, usishangae akiagiza vipimo zaidi. Omba nakala ya ripoti, na uulize maabara wanatunza wapi kile kipande. Kinahifadhiwa kwenye nta, mkienda hospitali nyingine mnaweza kuomba kisomwe upya badala ya mama kuchomwa tena.

Kibwana wa Pwani
Hili la nta sisi hatukuambiwa kabisa!! Mke wangu kachomwa mara mbili

Msafiri wa Treni
Mama anaendeleaje na kushiba haraka?

Mwana wa Ukerewe
Bado, anakula kidogo kidogo mara sita kwa siku, uji na samaki. Kaanza vidonge vya kupunguza bandama juzi. Anauliza yule wa kutoboa ukuta ni wa wapi anataka kumsalimia.